Mguu umelegea ghafla: ni kiharusi au ni tatizo la utendaji wa neva?

Wagonjwa wawili wanafika jioni moja katika hospitali ya wilaya, na wote wawili wanasema jambo lile lile: upande wa kushoto umelegea. Wa kwanza ni mzee wa miaka 61, mvuvi aliyestaafu, mwenye presha ambaye dawa zilimwishia wiki kadhaa zilizopita. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 34, aliyeamka na kichwa kikali, akaingia darasani hivyo hivyo, na katikati ya kipindi akahisi mguu wa kushoto haumsikii tena. Wenzake walimbeba. Ndugu wanasema mdomo umekwenda upande.

Nimewaunda wawili hawa kutokana na mambo yanayoonekana mara kwa mara wodini, ili tuwaweke bega kwa bega. Mzee ana kiharusi. Mwalimu ana tatizo la utendaji wa neva, lile ambalo wengi wetu bado tunaliandika kwenye faili kwa jina la histeria. Ubongo wake hauna kidonda kinachoeleza ulegevu ule, ila namna ubongo unavyoagiza na kusimamia mwendo imevurugika. Hajifanyi. Mguu wake haumtii, na amejawa na hofu kama mzee yule.

Swali ni namna ya kuwatofautisha ukiwa na kitanda, nyundo ya rifleksi na mikono yako miwili, na baada ya hapo, namna ya kumwambia mwalimu bila kumvunjia heshima. Nitayaweka maswali haya mawili pamoja kwa sababu jibu lake, kwa sehemu kubwa, ni moja.

Mambo yasiyotofautisha

Nianze na njia ambazo watu huzikimbilia.

Ya kwanza ni skani. CT ya kichwa ikirudi safi, mtu husema, "Basi, hana kitu." Lakini kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane kwenye CT ya saa za mwanzo; kazi kubwa ya CT saa hizo ni kuonyesha kama kuna damu iliyovuja. Na yako magonjwa ya neva ambayo skani haiyaoni kabisa. Wanaojua habari za Tarime ya miaka ya 1980 wanakumbuka konzo, ugonjwa unaokuja ghafla ukakakamaza miguu yote miwili kwa watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Mtu angeweza kumwona mgonjwa wa konzo, akaona picha safi, akamwita mwenye histeria, na ilhali rifleksi zake zinaruka juu na kidole gumba cha mguu kinapanda ukimkwaruza unyayo. Picha safi haitoi jina la ugonjwa.

Ya pili ni historia ya maisha. Mwalimu ametengana na mume mwaka huu. Mzee naye mashua yake ilizama na deni bado analo. Ukitafuta msongo kwa mgonjwa yeyote utaupata, kwa hiyo kuupata hakukusaidii kuamua. Mwaka 2013, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, toleo la DSM-5, uliondoa sharti la kuwepo jambo la kisaikolojia kabla ya kutoa utambuzi huu, na ukaweka mahali pake sharti la kuwepo alama za mwilini zisizopatana na ugonjwa wa neva unaojulikana. Wagonjwa wengi huanza na kitu cha mwilini: kuteguka mguu, kipandauso, homa, au tukio la hofu kali lililowafanya wahisi wametoka nje ya miili yao.

Ya tatu ni sura ya mgonjwa. Tuliambiwa shuleni kwamba mwenye histeria hutulia tu, hajali kwamba amepooza. Huo utulivu huonekana pia kwa wenye kiharusi, na wengi wenye tatizo la utendaji wana wasiwasi mkubwa au wanauficha. Uondoe kwenye orodha yako. Uondoe pia umri na jinsia. Mwanamke kijana hupata kiharusi, hasa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye ugonjwa wa moyo wa vali. Na mzee wa miaka 61 anaweza kupata tatizo la utendaji.

Mkono chini ya kisigino

Charles Franklin Hoover, daktari wa Cleveland huko Marekani, alieleza kipimo hiki mwaka 1908. Hakihitaji umeme wala vifaa, na kwa maoni yangu ndicho kipimo kimoja cha kitandani ambacho kila tabibu anapaswa kukimudu kuliko vyote katika jambo hili.

Kinategemea jambo ambalo mwili hulifanya wenyewe. Ukiwa umelala chali ukainua mguu wa kulia, mguu wa kushoto husukuma godoro chini bila wewe kuufikiria, ili kiwiliwili kisiyumbe. Msuli unaosukuma ni ule ule unaotumia ukiambiwa, "Sukuma kisigino cha kushoto chini." Ila njia ya kuufikia ni mbili: moja kwa kukusudia, nyingine kwa kujiendea.

Fanya hivi. Mgonjwa amelala chali. Weka kiganja chako chini ya kisigino cha mguu uliolegea, umwambie, "Sukuma mkono wangu chini kwa nguvu zako zote." Pima nguvu unayoihisi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuruka hatua: ni lazima nguvu hii ya kukusudia iwe pungufu kweli. Kisha, bila kuondoa kiganja, weka mkono wako mwingine juu ya paja la mguu mzima, umwambie auinue huku ukiuzuia. Mwombe autazame huo mguu mzima na aweke mawazo yake yote huko. Sasa sikiliza kiganja kilicho chini ya kisigino.

Kwa mzee, kiganja hakihisi tofauti ya maana. Alipokusudia kusukuma, nguvu ilikuwa ndogo. Alipoinua mguu wa kulia, nguvu ya kushoto ilibaki ndogo. Njia zote mbili hupita kwenye waya ule ule uliokatika.

Kwa mwalimu, kiganja kinabanwa. Alipoambiwa asukume, kisigino hakikuweza hata kuukandamiza mkono. Alipoinua mguu wa kulia akiwa ameukazia macho, kisigino cha kushoto kilishuka kwa nguvu ya kawaida. Hii ndiyo Hoover chanya, na inasema jambo mahususi: waya ni mzima, msuli ni mzima, na kinachozuia mwendo huja pale mgonjwa anapoukusudia. Angalia kwamba hii ni alama iliyopatikana. Hatukufika hapa kwa kukosa kitu.

Yako mambo ya kuzuia usidanganyike, na ya kwanza nimeigusa tayari. Kiharusi mara nyingi hudhoofisha zaidi misuli ya kukunja nyonga kuliko ile ya kusukuma chini. Mgonjwa wa kiharusi chepesi anaweza kushindwa kuinua mguu lakini akasukuma kisigino vizuri tangu mwanzo. Huyo ukimpima utahisi nguvu wakati wote, na ukiandika "Hoover chanya" umeandika uongo. Kama nguvu ya kukusudia ilikuwa nzuri, kipimo hakisomeki. Kiache.

Ya pili ni maumivu. Mwenye nyonga au mgongo unaouma atasita kusukuma akiagizwa, halafu atasukuma akisahau.

Ya tatu ndiyo hatari zaidi kwa wagonjwa wetu hawa, kwa kuwa wote wamelegea kushoto. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu aupuuze upande wake wa kushoto, kana kwamba haupo. Huyo hasukumi akiambiwa kwa sababu hauzingatii mguu ule, kisha unasukuma wenyewe. Hoover yake inaweza kuonekana chanya na bado ana kiharusi. Kwa hiyo kabla ya kuamini, gusa mikono yake yote miwili kwa pamoja akiwa amefumba macho, umuulize umegusa wapi. Akitaja wa kulia tu kila mara, ilhali ukigusa wa kushoto peke yake anahisi, simama hapo. Mwalimu alitaja yote miwili.

Hoover pia huwa hasi kwa wengi wenye tatizo la utendaji. Utafiti mmoja wa wagonjwa walioshukiwa kiharusi ulikuta kipimo kinawanasa takriban 6 kati ya 10. Kikiwa chanya kwa usahihi kina uzito mkubwa. Kikiwa hasi hakikuambii chochote.

Na kuna nusu ya pili ya kipimo cha Hoover ambayo ningependa tuiache. Ni ile ya kumwambia mgonjwa ainue mguu mbovu, nawe unahisi kama kisigino kizima kinasukuma chini. Kisiposukuma, watu husema "hajitahidi". Maumivu, hofu na kutoelewa maelekezo hutoa matokeo yale yale. Nusu hiyo imetumika zaidi kuwashtaki wagonjwa kuliko kuwatambua.

Alama nyingine, kwa ufupi

Usiamue kwa alama moja. Hizi ndizo ninazoongeza, na nilichokiona kwa kila mmoja:

| Unachopima | Mzee, kiharusi | Mwalimu, tatizo la utendaji |
|---|---|---|
| Mikono mbele, viganja juu, macho yamefumbwa | Mkono wa kushoto unashuka huku kiganja kikigeukia ndani na chini | Mkono unashuka, kiganja kimebaki juu |
| Uso | Pembe ya mdomo imelegea, mkunjo wa shavu umepotea, paji la uso zima | Mdomo umevutwa chini kwa kukaza, jicho la upande huo limekazwa |
| Kusukumana nguvu ya mkono | Udhaifu ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho | Nguvu inakuja sekunde moja kisha inaachia ghafla |
| Kutembea, akiweza | Mguu uliokakamaa unazungushwa nje kama nusu duara | Mguu mzima unaburuzwa nyuma, nyonga imegeuka, kidole hakitoki sakafuni |
| Kukwaruza unyayo | Kidole gumba kinapanda | Kidole gumba kinashuka, au hakuna kitu |

Safu ya uso inahitaji neno moja zaidi, kwa sababu ndugu wa mwalimu hawakudanganya. Mdomo ulikuwa umekwenda upande kweli. Tofauti ni kwamba wa mzee umelegea na wa mwalimu umekazwa. Ukimtazama mwalimu kwa dakika mbili utaona mkazo unaongezeka na kupungua, na misuli ya shingo inasimama.

Safu ya unyayo haina usawa. Kidole gumba kikipanda, alama aliyoieleza Babinski mwaka 1896, kuna ugonjwa kwenye njia ya ubongo au uti wa mgongo, hata kama alama nyingine zote zinaashiria tatizo la utendaji. Kisipopanda hukupata kitu, maana kiharusi cha saa za mwanzo kinaweza kukupa mguu mlegevu wenye rifleksi za chini.

Safu ya nguvu inayoachia ghafla ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mwenye maumivu huachia. Aliyechoka huachia. Mwenye udhaifu wa kutokana na ugonjwa wa misuli naye anaweza kukuchanganya. Na hisia ya ganzi inayoishia katikati kabisa ya kifua, ambayo vitabu vya zamani viliipenda, siiweki hata kwenye jedwali.

Kama mgonjwa anashindwa kutulia kwa Hoover, kuna ndugu yake: kipimo cha misuli ya kutanua miguu, kilichoelezwa na Sonoo wa Japani mwaka 2004. Mwambie atanue mguu mlegevu kwenda nje, utakuta dhaifu. Kisha mwambie atanue ule mzima kwa nguvu huku umeshika miguu yote. Kwa mwenye tatizo la utendaji, mguu mlegevu husimama imara ukikataa kusukumwa ndani. Kwa mwenye kiharusi unasogea tu. Kinahitaji mikono yenye nguvu na kitanda kisichoyumba.

Jambo moja la kukumbuka: vipimo hivi vyote ni vya upande mmoja. Miguu yote miwili ikilegea, huna mguu mzima wa kulinganisha nao. Hapo kabla ya kutaja tatizo la utendaji, fikiria uti wa mgongo uliobanwa na kifua kikuu cha mifupa, potasiamu iliyoshuka, neva zilizoshambuliwa na kinga ya mwili, na uliza kuhusu mkojo. Mkojo uliozuiliwa pamoja na miguu iliyolegea ni dharura ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ukiwa huna hakika, kosea upande gani?

Mwalimu alifika saa 2 baada ya dalili kuanza. Presha yake ilikuwa 158/96, ambayo mtu mwenye hofu na kichwa kikali huweza kuwa nayo. Sukari 5.6, kwa hiyo si sukari iliyoshuka, ambayo huiga kiharusi vizuri mno na hutibika kwa dakika chache. Alama nne kati ya tano zilielekea upande mmoja na Hoover ilikuwa chanya bila vizuizi nilivyovitaja.

Hata hivyo, kama upo mahali penye dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mgonjwa yuko ndani ya muda wa saa 4 na nusu na wewe unasitasita, mchukulie kama kiharusi. Kumkosa mwenye kiharusi ni kumpotezea mkono na mguu. Ila msibaki hapo. Kosa la upande wa pili nalo lina gharama, na halihesabiki kwa siku moja: mtu wa miaka 34 anaandikiwa kiharusi asichokuwa nacho, anameza aspirini kwa miaka, anaacha kazi, ananunuliwa kiti cha magurudumu, na kila mwezi mguu unazidi kusahau kazi yake. Fungua faili tena kesho yake, ukiwa umetulia, upime upya.

Hofu ya madaktari wengi hutoka mbali. Mwaka 1965 Eliot Slater wa London alichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa walioitwa wenye histeria, akasema wengi wao baadaye walikutwa na magonjwa mengine, na kizazi kizima kikaogopa kulitaja jina. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005, yakiongozwa na Jon Stone wa Edinburgh, yalikuta kwamba tangu miaka ya 1970 utambuzi uliobainika kuwa na makosa ni kama 4 kati ya 100, kiwango kisicho kibaya kuliko cha magonjwa mengine ya neva.

Njia tatu za kumwambia

Sasa mwalimu amelala, mama yake mzazi amekaa pembeni, na wote wanakutazama. Nimezisikia njia tatu, na ninaziweka hapa ili uchague.

Ya kwanza: "Vipimo vyote viko sawa, mwalimu. Huna tatizo, utaruhusiwa kesho." Anayesema hivi hudhani anampa nafuu. Mgonjwa anajaribu kuinua mguu, hauinuki, na anaelewa mojawapo ya mambo mawili: daktari hajui, au daktari ananiona mwongo. Ataenda hospitali nyingine, na nyingine, kisha kwa mganga, kwa sababu huko angalau wanakubali kwamba kuna kitu.

Ya pili: "Ni msongo wa mawazo. Punguza mawazo." Hii ina chembe ya ukweli kwa baadhi yao, ndiyo maana inadanganya. Mbele ya mama mzazi maneno haya yanafungua kikao cha familia kuhusu ndoa iliyovunjika. Tena hayamwambii kwa nini ni mguu, kwa nini wa kushoto, wala afanye nini. Msongo, kama upo, utauzungumzia siku nyingine, mkiwa wawili, na kama jambo moja kati ya kadhaa yanayochangia.

Ya tatu ndiyo ninayoichagua, na inaanza kwa mkono ule ule chini ya kisigino. Wataalamu wa Edinburgh na London waliandika mwaka 2012 kuhusu kuwaonyesha wagonjwa alama zao wenyewe badala ya kuzificha kama mtego. Hapo mwanzo nilidhani itawatia aibu. Ikifanywa vizuri, inawapa ushahidi wa kwanza unaoeleweka tangu waugue.

Inaweza kwenda hivi.

"Shikamoo mama. Mwalimu, pole. Nimekupima vizuri na nimepata jina la tatizo lako. Linaitwa tatizo la utendaji wa neva. Tunaliona mara nyingi, na naamini kabisa kwamba mguu haukutii. Ningependa nikuonyeshe nilivyolijua. Naomba sukuma kisigino hiki chini."

"Hakiendi, daktari."

"Naona. Nguvu haiji, na unajitahidi. Sasa uache huo. Tazama mguu wa kulia, uinue, mimi nauzuia. Zaidi. Mama, hebu weka mkono wako hapa chini ya kisigino cha kushoto. Unahisi nini?"

"Unanisukuma!"

"Ndiyo. Mwalimu, mguu wako umesukuma ulipokuwa hauuwazi. Maana yake waya wa kutoka kwenye ubongo hadi mguuni haujakatika. Ungekuwa na kiharusi, usingeweza kufanya hivi. Ni kama simu ambayo kioo na betri ni vizima ila programu imeganda: ukiibonyeza haijibu, na bado haijavunjika. Ndiyo maana skani haikuonyesha kidonda, na ndiyo maana mguu unaweza kurudi."

Nyamaza hapo. Watu wengi huongea kupita kiasi wakati huu. Swali litakuja lenyewe, na mara nyingi ni moja kati ya matatu.

"Kwa hiyo najifanya?" Jibu liwe fupi: "Hapana. Mtu anayejifanya nisingemwonyesha kipimo hiki, na wewe umeshangaa kuliko mimi." Kama ndugu au mwajiri ndiye anayesema hivyo, mwite asikie maelezo yale yale.

"Nina wazimu?" "Hapana. Kinachovurugika ni namna ubongo unavyoongoza mwendo. Inaweza kumpata mtu yeyote, na kwako huenda kichwa kile kikali cha asubuhi ndicho kilichoanzisha."

La tatu mama ataliuliza kwa sauti ya chini: kama si jini, au mtu hajamfanyia kitu. Sioni faida ya kumbishia mama mbele ya mwanawe. Mwambie, "Mama, dua endeleeni nayo. Mimi nawaambia nilichokigusa kwa mkono wangu na wewe umekigusa kwa wako: mguu una nguvu, na njia ya kuirudisha ipo. Ninachoomba ni asikose mazoezi." Kama familia inapanga tiba ya kumfukiza, kumfunga au kumchanja, hapo sema wazi kwamba itamdhuru.

Usiahidi muujiza. Mapitio ya tafiti za ufuatiliaji yanaonyesha kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wenye dalili za mwendo hubaki vile vile au huzidiwa miaka baadaye. Neno linalofaa ni "unaweza kurudi", pamoja na "itachukua kazi". Kuugua kwa muda mfupi kabla ya kutambuliwa huongeza matumaini, na ndiyo sababu ninataka jina litajwe wodini badala ya kusubiri rufaa.

Mazoezi hayafanani

Mzee na mwalimu wakipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia wakiwa na karatasi inayosema tu "udhaifu wa kushoto", watapewa mazoezi yale yale, na mmoja wao atazidi kuharibika.

Mzee anahitaji kurudia mwendo kwa kuukazia macho: inua, shusha, inua tena. Mwalimu akifanya hivyo, anaelekeza mawazo pale pale yanapouzuia mguu. Kwake fundi mzuri huanza na mwendo mzima usiofikirika: kuhamisha uzito kulia na kushoto akiwa amesimama, kutembea kinyumenyume, kutelezesha miguu sakafuni, kutembea kwa mdundo huku akihesabu watoto wa darasa lake kwa majina. Kiti cha magurudumu na vifaa vya kufunga mguu viepukwe kadiri inavyowezekana, isipokuwa kama ataanguka bila hivyo. Mwongozo wa fiziotherapia uliochapishwa mwaka 2015 na kundi la wataalamu wa Uingereza unaelekea huko huko.

Mwalimu apewe tarehe ya kurudi, wiki mbili au tatu, na ajue dalili zitakazomrudisha mapema: kuona kitu kimoja kuwa viwili, kushindwa kumeza, mkojo kuziba, degedege, au udhaifu wa upande mwingine. Tatizo la utendaji halimkingi mtu na ugonjwa mwingine. Wapo wenye kifafa au kiharusi cha zamani wanaolipata juu yake, na akija na dalili mpya apimwe upya tangu mwanzo.

Kwenye faili lake ningeandika hivi, ili atakayempokea zamu ya usiku asianze upya kumhoji kama mshtakiwa: "Tatizo la utendaji wa neva, mguu na mkono wa kushoto. Hoover chanya, imerudiwa mara mbili. Nguvu ya kukusudia ya kusukuma kisigino ni dhaifu, ya kujiendea ni ya kawaida. Mkono unashuka bila kugeuka. Hapuuzi upande wa kushoto. Unyayo chini pande zote. Mgonjwa na mama wameonyeshwa alama na wameelezwa. Fiziotherapia kuanzia kesho, mwendo mzima, si msuli mmoja mmoja. Asipewe aspirini."